Kabla mizani haijagoma: mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza kupunguza uzito

Watu wengi wanaopunguza uzito huacha wiki ya nne au ya tano. Ukiwauliza, jibu ni moja: "Mwanzoni ulishuka vizuri, halafu ukagoma." Kinachowashinda mara nyingi si njaa, ni namba ambayo hawakuandaliwa kuikuta. Kwa hiyo mambo ninayoyaeleza hapa yafanywe kabla ya siku ya kwanza. Ukisubiri hadi mizani ikwame, utakuwa unaamua kwa hasira.

Kwanza, jua kilo za mwanzo zinatoka wapi. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, iitwayo glaikojeni. Kwa mtu mzima akiba hiyo ni kama nusu kilo, na kila gramu yake hukaa pamoja na takribani gramu tatu za maji. Ukipunguza chakula, sehemu ya akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwenye mkojo. Juu ya hapo, chumvi unayokula hupungua na tumbo hubeba chakula kidogo kuliko kawaida. Ndiyo maana wiki ya kwanza mtu hupoteza kilo mbili na kudhani ni mafuta.

Mafuta yenyewe hayaendi kwa kasi hiyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Anayekula pungufu ya mahitaji yake kwa kalori 500 kila siku anapungukiwa kalori 3,500 kwa wiki, yaani chini kidogo ya nusu kilo ya mafuta. Iandike namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako kabla hujapanda mizani, maana ndiyo utakayoilinganisha na matokeo, si zile kilo mbili za wiki ya kwanza.

Halafu andaa vipimo. Utahitaji mizani moja, sehemu moja ya sakafu ngumu, na wakati mmoja: asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula wala kunywa. Pima kila siku, ila usiihukumu siku yoyote peke yake. Jumlisha siku saba, gawa kwa saba, ufuate wastani huo tu. Ongeza na tepu ya fundi cherehani: zungusha kiuno usawa wa kitovu mara moja kwa wiki, ukiwa umetoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. (Aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha asiingie kwenye upimaji wa kila siku. Kwake namba hizo huumiza kuliko kusaidia.)

Sababu ya wastani utaiona kwenye mfano. Tuseme mwanamke ana kilo 86 na amepunguza kalori 500 kwa siku. Wastani wake wa wiki ya kwanza ni 83.9, ya pili 83.2, ya tatu 82.7. Wiki ya nne anaanza kunyanyua vyuma, na hedhi iko karibu. Mizani inasoma 82.6, 83.1, 82.9, 82.4, 83.0, 82.8, 82.8. Wastani ni 82.8, yaani amepanda kidogo! Wiki ya tano ni 82.7. Hapa ndipo wengi hutupa daftari, au hukata chakula hadi wanasikia kizunguzungu.

Yeye akaendelea vilevile, na wiki ya sita wastani ukawa 81.4. Piga hesabu: wiki tatu kwa nusu kilo kasoro kila moja ni kama kilo 1.3, na kutoka 82.7 hadi 81.4 ni hiyohiyo. Mafuta yalikuwa yakipungua muda wote, ila maji yaliyafunika. Misuli iliyochoshwa na mazoezi mapya huvuta maji wakati inajirekebisha, siku za kabla ya hedhi mwili hushika maji, na mlo mmoja wenye chumvi nyingi unaweza kupandisha mizani kwa kilo nzima hadi kesho yake. Kiuno chake kilitoka sentimita 98 hadi 95, na nusu ya upungufu huo ilionekana katika zile wiki mbili ambazo mizani "iligoma". Anayepata hedhi alinganishe wiki na wiki ileile ya mzunguko uliopita, asilinganishe na juzi.

Kwa hiyo sheria ya kujiwekea mapema ni hii: uzito haujakwama mpaka wastani usimame wiki nne na kiuno nacho kisimame. Kabla ya hapo, usiguse mpango.

Ukifika huko, usikubali maelezo kwamba mwili "umeingia njaa na kushikilia mafuta". Kwenye jaribio la njaa lililofanywa Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 walilishwa karibu nusu ya mahitaji yao kwa wiki 24 na wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Matumizi ya nguvu mwilini yalishuka sana, ni kweli, lakini mafuta yaliendelea kutoka. Kilichowachanganya ni miguu kuvimba maji, kiasi kwamba mizani haikuonyesha nyama yote waliyopoteza.

Kukwama kwa kweli maana yake ni moja tu: unachokula sasa kinalingana na unachotumia sasa. Pengo limefungwa, na kwa kawaida limefungwa kutoka pande zote mbili. Rudi kwa mwanamke wetu, miezi kadhaa baadaye, akiwa na kilo 76. Mwili mdogo hula nguvu kidogo. Kwa kila kilo iliyoondoka, mahitaji ya siku hushuka kwa takribani kalori 24, kwa hiyo kilo kumi zimempunguzia mahitaji kwa kalori 240. Upande wa pili, mkono umelegea. Mafuta ya kupikia aliyokuwa akiyapima kwa kijiko sasa anayamimina kwa jicho, na vijiko vikubwa viwili vya ziada ni kalori 240 nyingine. Jumla 480. Lile pengo la 500 limekwisha, na yeye anaapa hajabadilisha kitu. Hadanganyi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1992 uliwapima watu waliodai hawapungui hata wakila kidogo, na ukakuta walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika, huku miili yao ikitumia nguvu kawaida.

Basi hatua ya kwanza ya kukwamua ni kupima tena kila kitu kwa siku saba, mafuta na vinywaji kwanza, kabla ya kukata chochote. Namba zikirudi mahali pake na wastani bado umesimama, hapo ndipo upunguze kalori 150 hadi 200, au uongeze mwendo wa miguu kiasi hicho. Na amua leo uzito ambao ukiufikia utapumzika kwa kula unachotumia kwa wiki chache. Wakati huo mizani kusimama ndiyo matokeo unayoyataka.

Jambo moja halisubiri wiki nne. Uzito ukipanda kwa kasi huku miguu ikivimba au pumzi ikikatika, nenda hospitali. Na kama umeanzishiwa dawa za steroidi, insulini au baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, muulize daktari kabla ya kuulaumu mlo, wala usiziache mwenyewe.