Kabla mgonjwa wa kwanza hajakaa kitini: mirija ya maji na mikono

Kliniki ikifungwa Ijumaa jioni, maji yaliyobaki kwenye mirija ya kiti cha meno hulala humo hadi Jumatatu. Mirija hiyo ina upana wa milimita chache tu na maji yake hayatembei, basi bakteria hujishikiza ukutani na kujijengea utando wa utelezi. Utando huo ndio wa kupambana nao.

Asubuhi, kabla ya kuunganisha mashine ya kuchongea meno, fungulia maji katika kila mrija kwa dakika mbili hivi, pamoja na ule wa sirinji ya maji na hewa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sekunde 20 hadi 30 zinatosha kusukuma nje mate yaliyofyonzwa. Ila usijidanganye: kusukuma maji huondoa vijidudu vinavyoelea, utando wenyewe unabaki. Unaondolewa kwa dawa aliyoelekeza mtengenezaji wa kiti, kwa kipimo chake na kwa ratiba yake.

Utajuaje kama dawa inafanya kazi? Kwa kupima, maana maji machafu yanaweza kuonekana meupe kabisa. Kiwango kinachokubalika kwa matibabu ya kawaida ni bakteria wasiozidi 500 kwa mililita. Tuseme kiti kimoja kimetoa 1,200 na vingine viko chini ya 100. Chanzo cha maji ni kimoja, kwa hiyo tafuta kosa kwenye kiti hicho: pengine chupa yake huachwa na maji usiku kucha, au anayeijaza hushika kwa mkono mtupu kile kimrija kinachozama ndani. Kisimamishe, kitie dawa kali ya kusafishia, kisuuze, kisha pima tena kabla ya kukirudisha kazini.

Kwa upasuaji usitumie mirija hiyo hata kidogo, hata ukijaza chupa maji yaliyotakaswa, kwani yatachafukia njiani. Tumia maji ya chumvi yaliyotakaswa, kwa sirinji iliyotakaswa. Mwaka 2016 huko Anaheim, Kalifonia, watoto waliotibiwa kiini cha jino walipata maambukizi ya Mikobakteria absesasi, na chanzo kikawa maji ya kliniki.

Mikono nayo huharibu palepale foleni inapokuwa ndefu. Daktari mwenye glavu zilizolowa mate anavuta droo kuchukua kifaa kimoja kilichosahaulika, na mgonjwa wa tatu anakutana na droo hiyo. Panga vifaa vyote mezani kabla ya kuvaa glavu, na vifunike vishikio vya taa kwa plastiki ya kubadilishwa kila mgonjwa. Glavu zikivuliwa, paka sanitaiza na usugue sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, ni sabuni na maji. Glavu hazipakwi sanitaiza ili zitumike tena. Na chupa ya sanitaiza ikae unapoifikia bila kuinuka kitini. Ikiwa mlangoni, saa tano asubuhi hakuna atakayeifuata.