Mteja wa misuko amepotea miezi minne: namna ya kumwandikia

Nina saluni Lubumbashi, komini ya Kenya. Somo hili ni la wateja wa misuko, maana ndio wanaopotea kimyakimya.

1. Chunguza daftari. Misuko hukaa wiki sita hadi nane, kwa hiyo aliyekuja mwezi wa tatu na hadi mwezi wa saba hajarudi amekwisha ruka zamu mbili. Huyo mwandikie. Anayesuka kwa ajili ya harusi tu hajapotea, mwache.

2. Kumbuka siku yake ya mwisho kwenye kiti. Alilalamika nini? Mama mmoja, tunamwita Mama Mapacha, aliniambia misuko ya mbele inamvuta. Nikamjibu itazoea. Kosa langu: msuko uliokazwa mno hung'oa nywele za kwenye paji la uso, na anayeumia hatarudi kukuambia.

3. Andika kwake peke yake. Mimi niliandika hivi:

"Jambo Mama Mapacha, habari ya siku mingi? Ni mimi wa saluni ya Kenya. Mwezi wa tatu uliniambia misuko ya mbele inakuvuta, nami sikukusikiliza. Unisamehe. Sasa mbele ninaanza na nywele zako mwenyewe, meshi ninaongeza kidogo kidogo. Nina nafasi Alhamisi saa tatu asubuhi au Jumamosi saa nane. Nikuwekee ipi?"

Sikumuuliza "mbona umepotea?" Swali hilo linamdai maelezo, na huenda alikuwa msibani au hana pesa. Baada ya siku mbili tatu hivi akajibu: kuvuta alishasahau, kilichomchosha ni kungoja saa mbili kwenye benchi! Basi nikampa Alhamisi, awe wa kwanza, na nikafungua mlango mapema. Ningemwacha angoje tena, ujumbe wote ungekuwa bure.

Maswali ya wasusi wenzangu

— Je, siwezi kutumia listi ya WhatsApp, wote wapate kwa mpigo?
Listi inawafikia tu waliohifadhi namba yako, na aliyepotea huenda aliifuta. Halafu maneno yanayomfaa kila mtu hayamgusi yeyote. Andika watu watano kwa juma.

— Nimpunguzie bei?
Si katika ujumbe wa kwanza. Atajifunza kwamba akikaa mbali bei inashuka, na yule anayekuja kila mara akisikia atakasirika. Kama bei ndiyo iliyomfukuza, mpe msuko mnene zaidi: meshi chache, saa chache.

— Asipojibu?
Ngoja siku kumi, tuma mara moja tena, sauti fupi ya sekunde ishirini. Wamama wengi husikiliza wakiwa wanapika. Akinyamaza tena, weka alama kwenye daftari na usimwandikie hadi karibu na shule kufunguliwa, mwezi wa tisa. Hapo uliza kuhusu nywele za watoto, si zake.

— Na kama sikumbuki kabisa alichosuka?
Usibuni. Mwambie ukweli kwamba jina lake umelikuta kwenye daftari, tarehe fulani, kisha muulize leo angependa nini. Na kuanzia kesho andika mstari mmoja kila mteja anaposimama: msuko, rangi ya meshi, alichosema.