Swali la mnyororo wa chakula: usikimbilie asilimia 10

Hapa Mbeya huwa nawatoa wanafunzi nyuma ya darasa asubuhi kukiwa bado na baridi. Panzi wametulia kwenye majani, unamshika kwa vidole viwili. Jua likipanda wanaanza kurukaruka na kutafuna. Basi swali letu tunalijenga hapohapo:

Nyasi → panzi → kinyonga → nyoka

Katika eneo fulani nyasi zilihifadhi kilojuli 5,000. Panzi walikula 2,000. Kinyesi chao kilitoka na 1,200, na 600 zikatumika katika upumuaji. Kokotoa asilimia ya nishati ya nyasi iliyofika kwenye miili ya panzi.

Hatua ya kwanza, chora mishale. Mshale hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, kwa sababu unaonyesha nishati inakoelekea. Wengi huugeuza kwa kuwa vichwani mwao wanasema "panzi anakula nyasi", na mkono unafuata maneno.

Hatua ya pili, tafuta kilichobaki mwilini mwa panzi. Toa kinyesi na upumuaji kwenye kile alichokula:

```
2,000 - 1,200 - 600 = 200
```

Hizo 200 ndizo nyama na mayai ya panzi, na kinyonga hana kingine cha kula hapo.

Hatua ya tatu ndiyo inayoangusha watu. Gawa kwa nini? Soma swali tena: "ya nishati ya nyasi". Nyasi zilikuwa na 5,000, si 2,000.

```
200 / 5,000 x 100 = 4%
```

Ukigawa kwa 2,000 unapata 10%, na kwa kuwa umekariri kwamba jibu huwa asilimia 10, unafurahi na kufunga karatasi. Asilimia 10 ni makadirio ya jumla tu ya nishati inayopita kutoka kiumbe mmoja kwenda kwa anayemla. Ukipewa takwimu, fuata takwimu.

Hatua ya nne, eleza kilojuli 4,800 zilikokwenda. Usiandike "zilipotea" ukaishia hapo, maana nishati haiangamizwi. Elfu tatu zilibaki kwenye mizizi na majani ambayo hayakuliwa. Hizo pamoja na 1,200 za kinyesi bado ni chakula cha bakteria na kuvu. Zile 600 za upumuaji ndizo zilizotoka mwilini mwa panzi kama joto, na hakuna kiumbe atakayezila tena. Jumlisha uhakiki: 3,000 + 1,200 + 600 + 200 = 5,000. Isipotimia, umeruka kitu.

Wakiuliza kwa nini minyororo huwa mifupi, endelea na hesabu yako. Hapa hukupewa takwimu, kwa hiyo makadirio ya asilimia 10 yanaruhusiwa, ila yataje: kinyonga atabaki na 20, nyoka na 2. Mnyama wa kumtegemea nyoka huyo peke yake angehitaji eneo kubwa mno la nyasi ili ashibe.