Osmolariti ya dripu: kwa nini 555 ni salama kuliko 278

Osmolariti ni kiasi cha chembe zilizoyeyuka katika lita moja ya maji. Tuchukue kazi ya kila siku wadi ya watoto. Una chupa ya mililita 500 ya maji ya chumvi 0.9%. Unatoa mililita 50, unaingiza mililita 50 za dekstrozi 50%, kisha unaigeuzageuza chupa, maana dekstrozi hiyo ni nzito na hutuama chini. Je, umepata dripu ya aina gani?

Hatua ya 1: geuza asilimia kuwa gramu kwa lita. 0.9% ni gramu 0.9 katika mililita 100, yaani gramu 9 kwa lita. Wanafunzi wengi hukosea hapa, kabla hata hawajafika kwenye kemia.

Hatua ya 2: gawa kwa uzito wa moli, zidisha kwa idadi ya chembe, kisha kwa 1000 ili upate miliosmoli kwa lita (mOsm/L). Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa sodiamu na kloridi, kwa hiyo zidisha kwa 2. Dekstrozi haigawanyiki.

```
NaCl 0.9%:    9 / 58.5 × 2 × 1000 = 308 mOsm/L
Dekstrozi 5%: 50 / 180 × 1 × 1000 = 278 mOsm/L
```

Ukikuta lebo ya dekstrozi 5% imeandikwa 252, usishtuke. Mtengenezaji amepima dekstrozi yenye molekuli ya maji ndani yake, ambayo uzito wake wa moli ni 198.

Hatua ya 3: kokotoa mchanganyiko. Chumvi imebaki mililita 450 katika 500, na dekstrozi uliyoongeza ni gramu 25, sawa na 5%.

```
Chumvi:    308 × 450/500 = 277
Dekstrozi: 278
Jumla:     555 mOsm/L
```

Damu iko kati ya 275 na 295, hivyo 555 inatisha.

Hatua ya 4: futa dekstrozi. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Dekstrozi huingia ndani ya seli na kuunguzwa, na maji yake hubaki bila kitu cha kuyashikilia. Sodiamu hubaki nje ya seli, na ndiyo inayoyashika maji huko. Kwa hiyo seli za mtoto zinaonja 277 tu: isotoniki, yaani sawa na damu.

Sasa fanya hivyo kwa dekstrozi 5% tupu. Chupani ni 278, lakini ukifuta dekstrozi inabaki sifuri. Umempa maji matupu, na takriban theluthi mbili yataingia ndani ya seli. Mtoto mgonjwa anayetapika mara nyingi hushindwa kuyakojoa maji ya ziada, sodiamu ya damu ikashuka chini ya 135 mmol/L na ubongo ukavimba. Akianza kulalamika kichwa, kusinzia kupita kawaida au kudegedega akiwa kwenye dripu hiyo, isimamishe, ita daktari na pima sodiamu mara moja.

Hatua ya 4 ina mpaka wake. Mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini haingizi dekstrozi kwenye seli vizuri, kwa hiyo kwake usiifute: inabaki kwenye damu na kuvuta maji kutoka ndani ya seli.