Somo: zawadi kwa mtu wa milimani, bonyeza soli kabla hujatoa hela

Wadau salama? Mwaka jana shemeji yangu alikuwa anapanda Amani kulala porini na wenzake, nikasema ngoja nimfurahishe. Nikaingia mitumbani hapa Tanga mjini nikapata buti ya mlimani, ngozi safi, soli haijalika hata chembe, elfu arobaini na tano, nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Siku ya pili asubuhi simu inalia: soli ya kulia imebanduka yote, ya kushoto inachungulia, jamaa kaifunga buti kwa kamba ya hema. Alishuka na makubazi ya kuazima kwa mwenyeji na mimi hadi leo naitwa shemeji soli.

Kumbe buti ile ilishakufa kabla sijainunua. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka la povu, na kwenye buti nyingi za mlimani povu hilo ni la poliyurethani. Unyevu wa hewani unalivunja taratibu hata kama kiatu hakijavaliwa, na joto linaharakisha, sasa fikiria kiatu kimekaa miaka stoo ulaya halafu kikaja kukaa kwenye joto letu hili la pwani. Kwa hiyo ile soli isiyolika, ambayo mimi niliona ndo bahati, inaweza kuwa dalili kwamba kiatu kimekaa tu.

Hatua ya 1: buti. Angalia ubavuni, pale kati ya soli na ngozi. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba kwa nguvu. Povu zima linarudi lilivyokuwa, lililooza linabaki na shimo au linamong'onyoka kama mkate mkavu. Kisha kunja buti mbele kama mtu anayechuchumaa, mara kumi hivi, ukiona nyufa nyembamba au unga, irudishe. Muuzaji akinuna mwache anune.

Saizi je, na unataka iwe sapraizi? Chomoa soli ya ndani ya kiatu chake anachovaa, ichore kwenye karatasi uende nayo. Buti iizidi kwa upana wa kidole huko mbele, maana akishuka mlima vidole vinasukumwa mbele na kucha ndo zinaumia.

Hatua ya 2: malazi. Hema la mtumba lina ugonjwa ule ule wa buti. Usinunue likiwa limefungwa, lifungue hapo hapo, nusa ndani na ugusanishe kitambaa kwa kitambaa. Likinata au likinuka uchachu ujue ile rangi ya kuzuia maji imeoza. Mimi siku hizi natoa turubai jepesi la mita 3 kwa 4 na kamba mita 15, mtu analitandaza juu ya hema lolote alilonalo, na mvua ya Usambara ikija anapata hata pa kupikia. Ujanja mmoja mwambie: kamba kati ya mti na turubai afunge kitambaa kinachoning'inia, maji yanayoteremka kwenye kamba yadondokee hapo yasimfuate ndani.

Hatua ya 3: usalama. Tochi ya kichwani na filimbi ya plastiki isiyo na kigololi ndani, basi. Filimbi anapuliza mara tatu, anatulia anasikiliza, anarudia. Sauti ya mtu inakauka haraka na msitu unaimeza. Tochi ya betri za kutoa, akirudi nyumbani azitoe, huku kwetu zinavuja na kutu inakula chuma.

MASWALI

Mdau wa Muheza: Kaka, fundi hawezi kugundisha gamu nikaokoa hela yangu?
Jibu: Gamu itashika vizuri tu, ila imeshika kitu kilichooza. Inabanduka tena milimita moja juu ya gamu. Labda fundi akwangue povu lote aweke soli nyingine, na hapo piga hesabu kama bado ni bei rahisi.

Mama Zuu: Mwanangu anaenda Magoroto mwezi wa nne, si nimnunulie tu gambuti?
Jibu: Dada kwa masika na kutembea karibu umewaza vizuri, matope yanaoshwa yanaisha. Ila safari ndefu ya kupanda na kushuka gambuti haikazi kifundo, mguu unacheza ndani mpaka malengelenge. Muongezee soksi ndefu nene.

Kijana wa Pongwe: Nilikuwa Lushoto, ukungu ulivyoshuka usiku tochi ya kichwani ikawa haina maana, naona weupe tu. Ni mbovu?
Jibu: Nzima hiyo. Mwanga ukitokea usawa wa macho unagonga ukungu unakurudia usoni. Ivue uishike usawa wa kiuno, ipunguze mwanga, umulike chini mbele ya miguu, njia utaiona.