SOMO: Kupima mapigo ya moyo kwa kamera ya simu, jinsi inavyofanya kazi na pale inapokudanganya

Habari zenu wakuu. Kuna mama mmoja wa miaka 58 alikuja kwangu na simu mkononi, anatetemeka, apu imemwambia mapigo yake ni 41 kwa dakika na chini imeandika kwa maandishi mekundu kwamba ni hatari. Mimi ni tabibu, nikamshika kiganja kwenye mshipa wa chini ya dole gumba nikahesabu dakika nzima, nikapata 41 na mimi. Hapo wengi wangesema basi apu iko sahihi. Nikaweka stetoskopu kifuani nikapata 82. Nitamrudia huyu mama baadaye, kwanza tuelewe simu inaona nini.

Ukifunika kamera ya nyuma kwa kidole na tochi ikiwaka, mwanga unaingia kwenye nyama ya kidole, unatawanyika humo ndani, kisha sehemu yake inarudi kwenye kamera. Damu inameza mwanga. Kila moyo ukisukuma, wimbi la damu linafika kwenye vimishipa vya ncha ya kidole, damu inaongezeka kidogo, mwanga unaorudi unapungua, picha inakuwa na giza kidogo sana, mara nyingi asilimia moja au mbili tu ambayo jicho lako haliwezi kuona. Wimbi likipita mwanga unarudi. Apu inachukua wastani wa mwanga wa kila picha, inachora mstari wa kupanda na kushuka, halafu inahesabu vilima. Kwa hiyo simu haisikilizi moyo hata kidogo, inatazama rangi ya kidole, yaani inahesabu mawimbi yaliyofika kidoleni. Shikeni hilo maana makosa karibu yote yanaanzia hapo.

Sasa hatua.

Hatua ya 1. Kaa chini utulie dakika tano, usiwe umetoka kupanda ngazi wala kunywa kahawa sasa hivi. Kama mikono ni ya baridi ipashe kwanza, isugue au ioshe kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu kidole kikiwa cha baridi vimishipa vinajibana na wimbi linakuwa dogo mno.

Hatua ya 2. Futa lenzi. Simu za siku hizi zina kamera tatu nne nyuma, sasa usipojua ni ipi inatumika utafunika nyingine. Fungua apu, gusa lenzi moja moja huku unaangalia skrini, ile inayofanya picha ijae wekundu ndiyo yenyewe. Kidole kifunike lenzi na kiguse tochi pia.

Hatua ya 3. Gusa, usibonyeze. Hili ndilo kosa namba moja ninaloliona, mtu anakandamiza kidole mpaka ncha inakuwa nyeupe, akidhani ndio simu itaona vizuri, kumbe ameifukuza damu yote na hakuna wimbi la kuona. Weka mkono mezani, simu mezani, uzito wa kidole chenyewe unatosha.

Hatua ya 4. Usiongee, usicheke, usisogee kwa sekunde 30. Kidole kikiteleza hata milimita moja mwanga unabadilika mara nyingi kuliko unavyobadilishwa na damu, na apu inaweza kuhesabu mtetemo wa mkono wako kama mapigo.

Hatua ya 5. Angalia mstari kabla ya kuangalia namba. Mstari mzuri una vilima vinavyofanana, vyenye nafasi karibu sawa, upande mmoja mkali na mwingine umelala taratibu. Ukiona mstari umechakaa kama nyasi, namba iliyotoka itupe. Apu isiyoonyesha mstari kabisa mimi siiamini.

Hatua ya 6. Rudia mara tatu, halafu hesabu mwenyewe kwenye kiganja: vidole viwili, sekunde 30, zidisha kwa 2. Zikitofautiana mapigo matatu manne hakuna shida, zikiachana 15 au 20 jua kuna kitu, na hapo unaamini vidole vyako kwanza.

Kuna jaribio moja nawaomba mlifanye leo. Weka simu juu ya nyanya iliyoiva, au juu ya kitambaa chekundu, tochi ikiwa imewaka, anza kupima. Apu nzuri itakwambia haioni kidole au haipati mapigo. Ikikuletea 74 kutoka kwenye nyanya, ifute, kwa sababu siku mkono wako ukiwa wa baridi itakubunia namba vilevile na hutajua.

Sasa tupige hesabu kidogo maana hapa ndipo simu za bei ya chini zinapopotosha. Tuseme kamera inapiga picha 30 kwa sekunde. Moyo wako unapiga 75. Kati ya kilima na kilima kutakuwa na picha 24. Apu inafanya hivi:

```
60 × 30 ÷ 24 = 75
```

Vizuri. Lakini simu nyingi mwanga ukiwa hafifu zinapunguza kasi zenyewe ili kila picha ipate mwanga wa kutosha, labda inashuka mpaka picha 20 kwa sekunde. Moyo wako bado ni 75, ila sasa kati ya vilima kuna picha 16 tu. Apu iliyoandikwa kivivu inaendelea kudhani ni picha 30:

```
60 × 30 ÷ 16 = 112.5
```

Mtu mzima mzima kabisa, amekaa, anaambiwa 112. Mstari utaonekana mzuri tu, vilima safi, na hilo ndilo linalofanya kosa hili liwe baya. Dalili yake ni kwamba ukipima na tochi imezimika unapata namba kubwa, ukiwasha inashuka. Kwa hiyo tochi iwake kila mara. Ila na tochi nayo ikiwa kali sana kwenye kidole chembamba, rangi nyekundu inajaa mpaka 255 ambayo ndiyo thamani ya mwisho ya kamera, mstari unakuwa umenyooka. Apu zilizotengenezwa vizuri zinasoma rangi ya kijani badala ya nyekundu, kwa sababu damu inameza kijani kwa nguvu zaidi na kinabaki na nafasi ya kupanda na kushuka.

Kosa lingine ni kuhesabu mara mbili. Wimbi la mapigo likishuka huwa lina kinundu kidogo pembeni, ni kawaida kabisa, kinatokea karibu na wakati vali ya moyo inapojifunga. Apu dhaifu inakihesabu kama pigo jingine, 72 inageuka 144. Ukiona namba ni karibu mara mbili kamili ya ile ya kiganjani, ni hilo.

Turudi kwa yule mama. 41 kidoleni, 41 kiganjani, 82 kifuani. Tulimpima umeme wa moyo, karatasi ikaonyesha kila baada ya pigo la kawaida linafuata pigo lililowahi kabla ya wakati wake. Pigo lililowahi linakuta moyo haujajaa damu, linasukuma kidogo tu, wimbi lake haliwezi kufika kidoleni. Kwa hiyo moyo unapiga mara mbili, kidole kinapata wimbi moja. Simu haikukosea kuhesabu, ilihesabu kilichofika, ila ilikosea kusema moyo unapiga 41, na kwa namba hiyo mtu angeweza kufikiria moyo wake unazimika. Alipelekwa kwa daktari wa moyo, akachunguzwa vizuri.

Na kuna moyo unaopiga bila mpangilio wowote, mapigo mengine karibu karibu mengine mbali mbali, huko apu inayotoa wastani inaweza kukupa 78 ya kupendeza wakati mwenendo wenyewe ni tatizo. Ndiyo maana nasema tazameni nafasi kati ya vilima.

Karibuni maswali.

MASWALI

Bi Harusi Mtarajiwa: Shikamoo tabibu. Nina piko mpaka kwenye ncha za vidole, apu inasema haioni kidole. Na je weusi wa ngozi unaharibu?

Marahaba mwanangu. Piko nyeusi inaweza kumeza mwanga kabla haujafika kwenye damu, tafuta kidole ambacho tumbo lake halijapakwa, hata dole gumba linafaa. Weusi wa ngozi kwa kidole si tatizo kubwa kwa sababu tumbo la kidole lina rangi kidogo kwa watu wote. Ila zile apu zinazopima kwa kutazama uso tu bila kugusa, huko ngozi nyeusi inazipa shida zaidi maana mwanga unaorudi ni mchache.

Fundi Redio: Mkuu mbona kuna apu inanipa na presha na oksijeni kwa kidole hichohicho, napata 120/80 kila siku?

Kaka hiyo iache kabisa. Kulikuwa na apu iliitwa Instant Blood Pressure, iliuzwa Marekani 2014 hadi 2015, watafiti wa Johns Hopkins wakaijaribu na matokeo yakachapishwa 2016: katika watu wenye presha ya juu, karibu wanne kati ya watano iliwaambia wako sawa. Watu kama hao ndio wanaoacha dawa. Presha pima kwa mashine ya mkanda wa mkononi. Oksijeni nayo, oksimita ya kubana kidole inatumia mwanga wa aina mbili, mwekundu na ule usioonekana ulio nje ya mwekundu, halafu inalinganisha. Kamera ya simu ina kichujio kinachozuia mwingi wa ule usioonekana, na tochi ni nyeupe. Namba ya oksijeni kutoka hapo usiitegemee hasa kwa mtu anayehema kwa shida.

Mama Zuhura: Naweza kumpima mtoto wa mwezi mmoja? Nilipata 65 nikaogopa sana.

Pole dada. Kidole chake hakifuniki lenzi na hatulii, na mapigo yake ya kawaida ni kama 120 hadi 160, huenda ilihesabu nusu au ilihesabu kutikisika. Mtoto anasikilizwa kifuani kwa stetoskopu, mpeleke kliniki wamsikilize leo ili uwe na amani. Akiwa amelegea, midomo imebadilika rangi au hataki kunyonya, usipime chochote, kimbia naye hospitali.

Juma wa Bodaboda: Mzee wangu ana kisukari, miguu na vidole vina ganzi, tochi inapata moto, kuna madhara?

Swali zuri sana. Tochi za baadhi ya simu zinapata moto kweli, na mtu mwenye ganzi hatasikia. Asizidishe sekunde 30, apumzishe simu kabla ya kurudia, na wewe gusa tochi kwa kidole chako kwanza. Bora zaidi mhesabie kiganjani.

Neema K: Mimi napata 130 nikiwa nimekaa, kiganjani pia nimehesabu 130, kifua kinabana kidogo.

Neema acha simu, umehesabu mwenyewe na imekubaliana, na kifua kinabana. Nenda hospitali sasa hivi, usiendeshe, mtu akusindikize. Tuandikie ukishafika.