Somo: Kuandika kwa mkupuo ili blogu ya mtu mmoja isinyamaze

Wanachama, wengi wenu mmeomba ratiba. Ratiba peke yake haisaidii kitu kama hujui posti moja inakula saa ngapi, kwa hiyo tutaanzia huko. Nimechagua blogu ya mapishi ya pwani kwa sababu kazi yake ni nzito kuliko ya maneno matupu: kuna soko, kuna jiko, kuna picha, ndipo uandishi unafuata. Pia ina msimu wake, Ramadhani, ambao ndio huwamaliza wengi.

Tumchukue dada mmoja wa Tanga anayefanya kazi duka la dawa na kuandika blogu peke yake.

Hatua ya 1: Pima posti moja, kisha pima wiki yako mbaya

Posti moja ya mapishi, ikifanywa peke yake, humla hivi: soko saa 1, kupika na kupiga picha saa 3, kuandika saa 2, kuhariri pamoja na kupunguza picha na kuziweka mahali pake saa 1 na nusu. Jumla ni saa 7 na nusu.

Wiki ikiwa nzuri ana saa 5 za Jumapili na saa moja moja jioni mbili, yaani saa 7. Akiwaahidi wasomaji posti kila wiki, anadaiwa nusu saa hata pale mambo yanapokwenda vizuri. Deni hilo atalilipa kwa usingizi, na baada ya miezi michache blogu inanyamaza. Watu husema amekosa nidhamu, lakini hesabu ilikuwa imekataa tangu siku ya kwanza.

Mwendo wa blogu upangwe kwa wiki mbaya: mtoto ana homa, zamu imebadilishwa, kuna msiba mtaani. Wiki ya namna hiyo yeye hupata saa 3, kwa hiyo mwezi wa wiki mbaya tupu una saa 12. Posti mbili kwa mwezi, kila moja kwa saa 7 na nusu, zinataka saa 15. Bado hazitoshi, na hapa ndipo mkupuo unapoingia.

Hatua ya 2: Kusanya kazi za aina moja

Wengi wakisikia mkupuo hudhani ni kukaa Jumamosi nzima na kumaliza posti nne kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni njia ya kuichukia blogu. Kinachokusanywa ni kazi zinazofanana: siku ya jiko ni ya jiko, jioni za kuandika ni za kuandika, na kuhariri kuna siku yake.

Dada yetu anapika vyakula vitatu kwa siku moja ya jiko, na anavichagua kwa viungo vinavyoshirikiana. Tuseme ni mkate wa kumimina, mihogo ya nazi na tambi za nazi. Nazi zinanunuliwa pamoja na kukunwa pamoja, meza ya picha inapangwa mara moja karibu na dirisha lile lile. Soko linakula saa 1 na nusu badala ya 3, jiko saa 5 badala ya 9, kuandika saa 5 badala ya 6, kuhariri saa 3 badala ya 4 na nusu. Posti tatu zinatoka kwa saa 14 na nusu, karibu saa 5 kila moja. Sasa posti mbili kwa mwezi ni saa 10, na mwezi mbaya wa saa 12 unazibeba.

Mpangilio wa siku yenyewe una maana. Mchele wa mkate unalowekwa Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi unasagwa na tui, unatiwa hamira na kuachwa uumuke. Wakati huo mihogo inachemka. Mihogo ya nazi ipigwe picha ikiwa bado ya moto, kwa kuwa tui likipoa hufanya utando juu na sahani huonekana ya jana. Zinafuata tambi. Mkate unakuja mwisho, na huo ndio unaotaka kupoa kabla ya kukatwa, la sivyo kisu kinauchana na picha ya kipande haifai. Sambusa na bajia sizishauri siku hii. Hulegea upesi, na ukiwa na sufuria tatu huwezi kuzikimbilia.

Halafu kuna kosa linaloua mkupuo wote: kupika leo, kuandika baada ya wiki mbili, na kugundua kwamba hukumbuki tui lilikuwa vikombe vingapi. Weka simu jikoni irekodi sauti yako, useme kila unachotia wakati unakitia: "tui jepesi vikombe vitatu, sasa natia tui zito kimoja, chumvi kijiko cha chai." Baadaye, jioni ya kuandika, unasikiliza na kuandika. Ukijikuta unaandika "kiasi cha kutosha" kila mstari, ujue hukurekodi vizuri.

Hatua ya 3: Andika miili kwanza, vichwa na utangulizi baadaye

Jioni ya kuandika, andika vipimo na maelekezo ya vyakula vyote vitatu. Utangulizi uache kabisa. Utangulizi unataka kichwa kilichopumzika, na ukiandika mitatu kwa mkao mmoja itafanana kama ndugu wa tumbo moja. Dalili yake ni rahisi kuiona: weka sentensi za kwanza za posti zako pamoja. Zote zikianza na "Nakumbuka bibi yangu", andika kila utangulizi siku yake. Kwa maoni yangu, vyakula vitatu ndiyo mwisho wa mkupuo mmoja. Cha nne huandikwa kwa hasira.

Hatua ya 4: Weka akiba yenye sakafu

Akiba ni posti zilizokamilika, picha zimo, bado kubonyeza tu. Rasimu zilizofika nusu hazihesabiwi, hata ziwe 20.

Kwa posti mbili kwa mwezi, akiba ya posti 4 ni miezi miwili ya usalama. Zikibaki 2, panga siku ya jiko ndani ya wiki mbili zijazo. Ikibaki 1 na siku ya jiko haionekani, punguza mwendo uwe posti moja kwa mwezi mpaka akiba irudi. Jambo hilo ni gumu kwa wengi, kwa sababu tunapenda kungoja mpaka iishe ndipo tuhangaike. Msomaji hashtuki posti ikitoka baada ya wiki nne badala ya mbili. Anachogundua ni miezi mitano ya ukimya.

Na siku ukiwa na furaha ya kumaliza tatu kwa pamoja, usizitoe zote. Zipangie tarehe.

Hatua ya 5: Anza na msimu, urudi nyuma

Ratiba ya mwaka jana hainakiliwi, maana Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na 2027 inatarajiwa kuanza takriban Februari 8, kutegemea mwandamo.

Mwanablogu anayefunga hawezi kupika na kuonja mchana wa Ramadhani kama siku nyingine, na baada ya futari mwanga wa dirisha haupo tena. Kwa hiyo posti za futari zote zipikwe kabla. Dada yetu anataka posti 5 kati ya mwanzo wa Shaabani, takriban Januari 10, na mwisho wa mfungo. Anaweka siku ya jiko moja Novemba na nyingine Desemba kabla ya pilikapilika za mwisho wa mwaka. Hapo anapata posti 6: tano za msimu, na ya sita inabaki kwa baada ya Idi. Ndani ya mfungo kazi yake ni kujibu maoni tu. Machi, wakati amechoka na watu wamechoshwa na tambi, inatoka ile ya sita iliyokwisha kukaa tayari. Hakuna anayejua kwamba mwezi huo hakugusa sufuria ya blogu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Mombasa: Mwalimu, shikamoo. Nilipanga posti itoke saa 12 asubuhi kwenye WordPress. Asubuhi nikakuta imeandikwa "Missed schedule". Tatizo ni nini?

Jibu: Marahaba. Kwanza hakikisha uliandika 6:00 asubuhi, kwa sababu kompyuta haihesabu saa kama sisi, na ukiweka 12:00 AM umeipanga usiku wa manane. Kisha ingia Settings, halafu General, na kwenye Timezone chagua Nairobi.

Vikiwa sawa, sababu ya kawaida ni kwamba WordPress haina saa yake ya kuamka. Hukagua kazi zilizopangwa pale mtu anapofungua tovuti. Blogu changa ikikosa mgeni alfajiri, posti inangoja. Suluhisho ni kuzima ukaguzi huo ndani ya faili `wp-config.php`, juu ya mstari unaosema mwisho wa kuhariri:

```php
define( 'DISABLE_WP_CRON', true );
```

Kisha kwenye paneli ya mwenye seva, sehemu ya Cron Jobs, weka amri hii ijiendeshe kila dakika 15, ukiweka anwani yako:

```
wget -q -O /dev/null "https://example.com/wp-cron.php?doing_wp_cron"
```

Usifanye la kwanza bila la pili, la sivyo hakuna posti itakayotoka kwa wakati.

Mwanachama, Dodoma: Mimi naandika mpira. Habari ya jana leo imechacha. Nitaweka akiba ya nini, kaka?

Jibu: Matokeo huwezi kuyaweka akiba, ni kweli. Ila kwenye blogu ya mpira watu husoma pia maelezo: sheria ya kuotea, VAR inaingilia wakati gani, makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika yanavyopangwa. Hizo andika kwa mkupuo. AFCON 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda. Makala ya viwanja na ya historia ya kila timu katika mashindano hayo unaweza kuianza sasa. Habari za siku zifanye nyongeza, zitoke ukiwa na nafasi. Usimwahidi mtu kila mechi.

Mwanachama, Muscat: Dada zangu na kaka zangu, nimenyamaza zaidi ya nusu mwaka. Nirudi kwa kuomba radhi?

Jibu: Sioni haja. Aliyekuja kutafuta namna ya kupika vitumbua anataka vitumbua. La muhimu ni kutotoa posti yoyote mpaka ziwe tatu mkononi. Ya kwanza baada ya ukimya huandikwa kwa shauku na haina shida. Ya pili ndiyo hukwama, na hapo ukimya unaanza upya. Ukiwa na tatu, toa moja, kisha ngoja wiki tatu kabla ya inayofuata, na katikati hapo weka siku yako ya jiko.

Mwanachama huyo huyo: Na kama siku ya jiko ikifika sina hamu hata ya kuwasha moto?

Jibu: Pika kimoja badala ya vitatu. Ikiwa hamu imekosekana siku mbili za jiko mfululizo, rudi Hatua ya 1 upime upya saa zako, maana huenda wiki yako mbaya imekuwa mbaya zaidi ya ulivyoandika.